Faida ya ubia: jumla ikikubali, bado kuna la kukagua

Mwisho wa mwaka wabia wakiletewa karatasi ya mgawanyo, wengi hufanya jambo moja tu. Wanajumlisha mafungu yao, wanatazama kama jumla inalingana na faida ya duka, na ikilingana wanatia sahihi. Hesabu hiyo lazima ifanywe, maana shilingi isiyo na mwenyewe kwenye ubia ni dalili ya kosa. Lakini ni kipimo chepesi. Karatasi inaweza kukubali hadi shilingi ya mwisho na huku imemhamishia mtu mmoja mamilioni ya wenzake.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi la kubuni, hapo Ngamiani, Tanga, lenye wabia watatu ambao nao nimewatunga. Bi Mwanaidi ndiye mwenye fedha nyingi, ila dukani anapita mara mojamoja. Mzee Kombo anashughulikia manunuzi na usafiri. Semboja, kijana wao, ndiye anayekaa kaunta kuanzia asubuhi mpaka kufunga.

Hati yao ya ubia inasema hivi. Kila mbia atapata riba ya asilimia 8 kwa mwaka juu ya mtaji wake. Semboja atapata mshahara wa 500,000 kwa mwezi na Kombo 300,000. Mbia akichukua fedha za duka kwa matumizi yake, nje ya mshahara, atatozwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka kuanzia siku aliyochukua. Kinachobaki baada ya hayo, kiwe faida au hasara, kitagawanywa kwa uwiano wa 3:2:2, Mwanaidi akiwa na mafungu matatu. (Wapo wabia, hasa huku pwani, wasiotaka riba iingie kwenye hati yao hata kidogo. Hao hutambua mtaji mkubwa kwa kumwongezea mwenyewe mafungu kwenye uwiano, na hesabu yao inakuwa fupi.)

Kama wasingeandika lolote, hali ingekuwa nyingine kabisa. Masharti ya ubia Tanzania Bara yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na pale ambapo wabia hawakukubaliana vingine, faida na hasara hugawanywa sawa kwa sawa na hakuna mbia anayedai mshahara kwa kufanya kazi ya ubia. Kwa hiyo kila tarakimu tutakayoitumia hapa inatoka kwenye hati, na mkaguzi aanze kwa kuiweka hati mezani, kwa sababu kumbukumbu ya mtu haitoshi.

Mwaka ulioishia 31 Desemba duka lilipata faida halisi ya 21,340,000. Mtaji wa Mwanaidi ulikuwa 24,000,000 mwaka mzima, hivyo riba yake ni 1,920,000. Semboja ana 9,000,000, riba 720,000. Kombo alianza na 12,000,000 kisha akaongeza 3,000,000 tarehe 1 Septemba. Zile za mwanzo zinampa 960,000. Zilizoongezwa zimefanya kazi miezi minne tu, hivyo zinampa 80,000, na jumla yake ni 1,040,000. Riba za mtaji zote tatu ni 3,680,000. Mishahara ya mwaka ni 6,000,000 ya Semboja na 3,600,000 ya Kombo, jumla 9,600,000.

Upande wa fedha zilizochukuliwa, Mwanaidi alichukua 4,000,000 tarehe 1 Julai, Kombo 2,000,000 tarehe 1 Aprili, na Semboja 2,000,000 tarehe 1 Oktoba. Kwa miezi sita, tisa na mitatu, riba wanayotozwa ni 120,000, 90,000 na 30,000, yaani 240,000 kwa pamoja.

Hapa ndipo watu wanapoanza kupotea. Ile 240,000 ni fedha ambayo wabia wanadaiwa na mfuko wao wenyewe. Inaongezwa kwenye faida, na fungu la kugawa linakuwa 21,580,000. Ukitoa riba za mtaji na mishahara, yaani 13,280,000, salio la kugawana kwa uwiano ni 8,300,000. Lakini mwisho wa karatasi, jumla ya wanachopata wabia haitakiwi kuwa 21,580,000. Inatakiwa kuwa 21,340,000, faida halisi ileile tuliyoanza nayo, kwa sababu ile 240,000 iliingia juu kama nyongeza na lazima itoke chini kama makato ya mbia mmojammoja. Karatasi yote ikipangwa sawasawa inaonekana hivi:

| | Mwanaidi | Kombo | Semboja | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Riba ya mtaji | 1,920,000 | 1,040,000 | 720,000 | 3,680,000 |
| Mshahara | 0 | 3,600,000 | 6,000,000 | 9,600,000 |
| Riba ya fedha alizochukua | −120,000 | −90,000 | −30,000 | −240,000 |
| Salio kwa 3:2:2 | 3,557,142 | 2,371,429 | 2,371,429 | 8,300,000 |
| Jumla | 5,357,142 | 6,921,429 | 9,061,429 | 21,340,000 |

Ijumlishe kwa kwenda chini, kisha kwa kwenda pembeni. Ile 21,340,000 ya kona ya chini kulia ifikiwe kwa njia zote mbili, na iwe sawa na tarakimu ya faida iliyo kwenye hesabu ya faida na hasara. Usiitazame faida iliyonakiliwa juu ya karatasi hiyohiyo. Aliyekosea kunakili hatajigundua kwa kujilinganisha na nakala yake mwenyewe.

Ikikataa, ukubwa wa tofauti huwa unasema kosa liko wapi. Ukikuta wabia wamepata 240,000 zaidi ya faida, basi riba ya fedha zilizochukuliwa iliongezwa juu lakini hawakukatwa chini. Ukikuta ni 480,000, mara mbili ya hiyo, badala ya kukatwa wameongezewa. Ndiyo maana watunza vitabu wa zamani wakikuta tofauti huigawa kwanza kwa mbili, kisha hutafuta nusu hiyo kwenye karatasi.

Tazama sasa mstari wa salio, maana kuna shilingi moja imejificha pale. Ukigawa 8,300,000 kwa saba, fungu moja ni 1,185,714 na senti zake. Mwanaidi, kwa hesabu ya mafungu matatu, anapata 3,557,142.86, na wenzake 2,371,428.57 kila mmoja. Ukikaribisha kila tarakimu kwenye shilingi iliyo jirani, unapata 3,557,143 na 2,371,429 mara mbili, na jumla yake ni 8,300,001. Umegawa shilingi ambayo duka halina.

Kwenye kompyuta jambo hili linachanganya zaidi, kwa sababu kisanduku huonyesha tarakimu iliyokaribishwa huku ndani kikiwa kimehifadhi zile desimali zote. Kompyuta inajumlisha zilizo ndani na kuandika 8,300,000. Mwanaidi anajumlisha zilizochapwa kwa kikokotoo chake na kupata 8,300,001, na wote wawili wako sahihi. Dawa ni kukaribisha ndani ya fomula yenyewe kwa wabia wawili, halafu wa tatu apate kinachobaki. Salio likiwa kwenye E5, Kombo kwenye C5 na Semboja kwenye D5, fomula za Kombo, Semboja na Mwanaidi ni:

```
=ROUND(E5*2/7,0)
=ROUND(E5*2/7,0)
=E5-C5-D5
```

Ndiyo maana kwenye jedwali Mwanaidi ana 3,557,142. Nani abebe shilingi hiyo si jambo la kugombania, ila liwe limeamuliwa kabla, na desturi nzuri ni kumpa mwenye fungu kubwa kwa kuwa kwake haionekani.

Njia hii ina hatari moja. Mbia anayepewa kinachobaki hubeba pia makosa yote ya wenzake bila kelele. Kama fungu la Kombo limekosewa kwa laki mbili, la Mwanaidi litapungua laki mbili na jumla itakubali vizuri kabisa. Kwa hiyo baada ya kupata kinachobaki, hesabu fungu la Mwanaidi peke yake kwa 8,300,000 mara 3 gawa kwa 7, kisha linganisha. Wabia wawili wakikaribishwa, kila mmoja anaweza kukosea kwa nusu shilingi tu, basi wa tatu hawezi kupishana na hesabu yake halisi kwa zaidi ya shilingi moja. Ukiona shilingi tano, hizo si senti za kukaribisha.

Mwaka mzuri hauonyeshi udhaifu wa mtu. Turudie hesabu hiyo kwa mwaka mbaya. Mitaji ni ileile, mishahara ileile, fedha zilizochukuliwa zilezile, ila duka limepata faida ya 9,680,000 tu. Ongeza 240,000, fungu la kugawa ni 9,920,000. Madai ya riba na mishahara hayajapungua, ni 13,280,000. Salio ni hasi 3,360,000.

Mtunza hesabu mgeni akifika hapa husita. Duka limepata faida, inakuwaje tena agawe hasara? Wengine huandika sifuri kwenye mstari wa salio na kufunga daftari. Matokeo yake wabia kwa pamoja wanaandikiwa 13,040,000 kwenye duka lililopata 9,680,000. Zile 3,360,000 hazipo popote, na mizania itakataa kwa kiasi hichohicho. Kosa hili angalau lina heshima, linajitangaza.

Lingine halijitangazi. Mtu anaona fungu halitoshi, anaamua kila anayedai apunguziwe kwa kadiri ya dai lake. Madai ni 13,280,000, kilichopo ni 9,920,000, basi kila mmoja apate karibu asilimia 74.7 ya riba na mshahara wake. Kwa njia hiyo, baada ya kukatwa riba ya fedha alizochukua, Mwanaidi anapata 1,314,217, Kombo 3,376,024 na Semboja 4,989,759. Jumlisha, ni 9,680,000 kamili. Hakuna kilichobaki wala kilichozidi.

Lakini hati haikusema hivyo. Hati ilisema kinachobaki, faida au hasara, kigawanywe 3:2:2. Hasi 3,360,000 ukiigawa kwa saba, fungu moja ni hasi 480,000. Mwanaidi anabeba 1,440,000, Kombo na Semboja 960,000 kila mmoja. Mwanaidi anabaki na 360,000, Kombo na 3,590,000, Semboja na 5,730,000, na jumla ni ileile 9,680,000. Karatasi mbili zote zinakubali, na kati yake Mwanaidi amepishana kwa 954,217.

Njia ya kupunguza kwa kadiri haikutoka hewani. Sheria ya ubia ya India ya mwaka 1932, kifungu cha 13, inasema kwamba riba ya mtaji italipwa kutokana na faida tu, isipokuwa kama wabia wamekubaliana vingine. Ndiyo maana vitabu vya hesabu vya India hufundisha kupunguza pale faida isipotosha. Mafundisho ya asili ya Kiingereza, ambayo ndiyo yametawala madarasa yetu, hulipa kwanza riba na mishahara yote kisha hugawa upungufu kwa uwiano. Mtu aliyejifunzia upande mmoja ataiona karatasi ya upande wa pili kuwa ina kosa. Kwa maoni yangu, wabia wasimwachie mtunza hesabu uamuzi huu. Sentensi moja kwenye hati, ya kusema kama mshahara na riba vinadaiwa hata faida isipotosha, inamaliza ugomvi wa aina hii kabla haujazaliwa. Wabia wa Ngamiani waliandika maneno "kiwe faida au hasara", na maneno hayo manne yameshahukumu.

Sasa, kama jumla inakubali kwenye karatasi zote mbili, mkaguzi aijuaje iliyo sahihi? Kwa kurudi nyuma. Chukua anachopata mbia mwisho, toa riba ya mtaji wake, toa mshahara wake, rudisha riba aliyotozwa. Kilichobaki ni sehemu yake ya salio. Igawe kwa idadi ya mafungu yake, upate fungu moja. Fanya hivyo kwa kila mbia. Kama uwiano umefuatwa, wote watatoa tarakimu moja, wakipishana kwa senti za kukaribisha tu.

Jaribu kwa karatasi sahihi ya mwaka mbaya. Mwanaidi ana 360,000, toa 1,920,000, rudisha 120,000, unapata hasi 1,440,000. Gawa kwa tatu, hasi 480,000. Kombo ana 3,590,000, toa 1,040,000 na 3,600,000, rudisha 90,000, unapata hasi 960,000. Gawa kwa mbili, hasi 480,000. Semboja vilevile. Ukiipitisha karatasi ya kupunguza kwa kadiri kwenye kipimo hicho, Mwanaidi anatoa hasi 161,928 na Kombo hasi 586,988. Uwiano haukuguswa kabisa, ingawa jumla ilikubali. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala kumwamini aliyeandaa karatasi, na ndicho ningemfundisha kila mbia asiyekaa dukani.

Bado kuna makosa yanayopita vipimo vyote viwili, na hayo yanaingia kabla mgawanyo haujaanza. La kwanza ni tarehe. Kama mtunza hesabu angempa Kombo riba ya mwaka mzima kwa 15,000,000, angepata 1,200,000 badala ya 1,040,000. Salio lingepungua kwa 160,000, mafungu yangelingana vizuri, jumla ingekubali. Kombo angejilipia mwenyewe sehemu mbili kati ya saba za nyongeza hiyo, na zinazobaki, 114,286, zingetoka kwa wenzake. Hapa hakuna ujanja wa hesabu unaosaidia. Inatakiwa karatasi ya benki inayoonyesha siku fedha ilipoingia.

La pili ni kubwa zaidi na ndilo la kawaida kwenye maduka ya aina hii. Semboja halipwi mwisho wa mwaka. Kila mwisho wa mwezi anachukua laki tano zake kwenye droo, na kwenye daftari la matumizi, chini ya ujira wa wapakiaji na juu ya umeme, anaandika "mshahara S. 500,000". Hana nia mbaya, ametoa fedha na ameandika. Lakini mwisho wa mwaka 6,000,000 zimekaa ndani ya matumizi ya duka pamoja na mishahara ya vibarua, na faida inasomeka 15,340,000. Mtunza hesabu anaichukua hiyo, anafungua hati, anaona Semboja anadai mshahara wa 6,000,000, na anamwandikia tena.

Mshahara wa mfanyakazi ni gharama, unatolewa kabla faida haijajulikana. Mshahara wa mbia ni namna ya kugawana faida, kwa hiyo faida lazima ijulikane kwanza. (Riba ya mkopo ambao mbia amelikopesha duka, tofauti na mtaji wake, ni gharama kama mkopo wa mtu mwingine yeyote, na haina nafasi kwenye karatasi ya mgawanyo.) Ukichanganya hayo, karatasi haitalia. Fungu la kugawa linakuwa 15,580,000, salio 2,300,000, mafungu yanalingana, na jumla inatoka 15,340,000 kama faida iliyoandikwa. Kuligundua kosa hili ni kazi ya kukaa na daftari la matumizi na kupitia mstari wa mishahara jina kwa jina. Ukikuta jina la mbia pale, simama hapo. Dalili ya mbali ni kwamba akaunti ya mbia haionyeshi fedha yoyote iliyochukuliwa kwa ajili ya mshahara, ilhali kila mtu dukani anajua hupokea kila mwezi.

"Lakini mama, mshahara ni haki yangu," Semboja anaweza kumwambia Bi Mwanaidi, na ni kweli. Ila ameupata mara mbili, mara moja kwa noti na mara ya pili kwa maandishi.

Marekebisho yana hatua mbili. Ondoa 6,000,000 kwenye gharama, faida irudi 21,340,000, na mgawanyo uwe ule wa jedwali la juu. Kisha iandike 6,000,000 hiyo kwenye akaunti ya Semboja upande wa fedha alizochukua, bila riba, kwa kuwa hati inatoza riba kwa fedha za nje ya mshahara tu. Hatua ya pili ikisahaulika, kazi haijafanyika, na mizania itakukatalia kwa milioni sita. Wabia waifanye kabla ya kupeleka hesabu zao TRA, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haiutozi ubia wenyewe kodi hiyo, inamtoza kila mbia kwa fungu lake, na fungu lililokosewa linakwenda na kodi iliyokosewa.

Kwenye karatasi yenye kosa, Semboja aliandikiwa 7,347,143, na baada ya kutoa zile 2,000,000 za Oktoba alionekana anadai duka 5,347,143. Kwenye karatasi iliyorekebishwa amepata 9,061,429, amechukua 6,000,000 za mshahara na 2,000,000 za Oktoba, anadai 1,061,429. Tofauti ni 4,285,714. Kati ya hizo, 2,571,428 zilikuwa za Mwanaidi na 1,714,286 za Kombo.